Nani Anaona Chaneli Ulizosabskraibu na Video Ulizolaiki YouTube? Jinsi ya Kutafuta Panapovuja

Malalamiko kuhusu faragha ya chaneli ya YouTube huja kwa sura mbili. Kuna anayesema ameshaficha kila kitu lakini watu bado wanajua anachofuatilia. Na kuna anayesema hajaficha chochote lakini jina lake halionekani mahali alipotaka lionekane. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mipangilio aliyoigusa si ya chaneli anayoizungumzia, au kitu kinachoonekana si kile anachodhani kinaonekana.

Ni vizuri kutenganisha mapema mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Orodha ya chaneli ulizosabskraibu ina swichi yake: unaweza kuiacha wazi au kuifunga. Orodha ya video ulizolaiki haina swichi. Tangu Desemba 2019 YouTube iliifanya kuwa ya siri kwa kila mtu, na hakuna kitufe cha kuifungua. Kwa hiyo mtu akikuambia "naona video ulizolaiki", usiende kutafuta swichi. Tafuta njia nyingine aliyopitia, na njia hizo tutazitaja.

Kipimo cha kwanza: jiangalie kama mgeni

Usijipime ukiwa ndani ya akaunti yako. Mwenye nyumba huona vyumba vyote, na ukurasa wa chaneli yako ukiufungua mwenyewe unakuonyesha mambo ambayo mgeni hayaoni. Fungua dirisha la hali fiche kwenye kivinjari cha kompyuta, hakikisha juu kulia panaonekana kitufe cha kuingia na si picha yako, kisha andika anwani ya chaneli yako kwa jina lake la mtumiaji:

```
https://www.youtube.com/@jina-la-chaneli
```

Teremka ukurasa mzima wa mwanzo wa chaneli. Kama kuna safu ya chaneli nyingine hapo, iandike pembeni, tutairudia. Kisha fungua kichupo cha orodha za kucheza, `Playlists`, na usome majina ya kila orodha iliyopo. Kama kichupo hicho hakipo kabisa, maana yake chaneli haina orodha yoyote iliyo wazi kwa umma. Hapo nusu ya maswali yako imeshajibiwa.

Kwenye simu kipimo hiki huharibika kirahisi, kwa sababu ukigusa kiungo cha YouTube simu hukimbilia kufungua programu, na ndani ya programu uko kwenye akaunti yako tayari. Ukikosa kompyuta, bandika anwani moja kwa moja kwenye sehemu ya anwani ya dirisha fiche badala ya kugusa kiungo, na uangalie kama kweli umebaki kwenye kivinjari.

Dalili: swichi nimewasha, lakini orodha ya chaneli bado inaonekana

Anza na swichi yenyewe. Kwenye kompyuta, ingia kwenye akaunti kisha fungua `youtube.com/account_privacy`. Kwenye programu ya simu, gusa picha yako, nenda `Settings`, halafu `Privacy`. Swichi unayoitafuta imeandikwa `Keep all my subscriptions private`.

Soma maneno hayo polepole, maana hapa ndipo wengi huteleza. Swichi haisemi "onyesha". Inasema "weka siri". Ikiwa imewashwa, orodha imefichwa. Ikiwa imezimwa, orodha iko wazi. Mtu anayetaka kujificha huingia, akaona swichi imewashwa, akadhani kinachowashwa ni kuonekana, akaizima. Ametoka ndani kwenda uwanjani kwa mkono wake mwenyewe. Kwa chaguo la msingi YouTube huiweka orodha hii kuwa siri, kwa hiyo ukiikuta imezimwa, huenda kuna siku mtu aliigusa.

Jambo jingine kuhusu swichi hii: haina nusu. Inafunga chaneli zote ulizosabskraibu au inafungua zote. Huwezi kuficha chaneli tatu na kuacha nyingine. Mtu akikuelekeza namna ya kuficha chaneli moja moja kwa mipangilio hii, anakupotezea muda. Njia pekee ya kutenganisha ni kuwa na chaneli mbili, na hiyo inatuleta kwenye chanzo kikubwa zaidi.

Akaunti moja ya Google inaweza kubeba chaneli kadhaa, na kila chaneli ina mipangilio yake ya faragha. Swichi uliyowasha kwenye chaneli ya kwanza haigusi ya pili. Fungua `youtube.com/channel_switcher` uone chaneli zote zilizo chini ya akaunti yako. Watu wengi hushangaa kukuta iliyoanzishwa zamani kwa majaribio na kusahaulika, nayo ina watu na chaneli zake. Chagua kila moja kwa zamu, na baada ya kubadili, rudi `youtube.com/account_privacy` ukaangalie swichi upya. Usitegemee kwamba ukurasa uliokuwa wazi kwenye kichupo kingine umejibadilisha. Uupakie upya, na uthibitishe picha iliyo juu kulia ni ya chaneli unayoikusudia.

Kama swichi iko sawa kwenye chaneli sahihi na bado safu ya chaneli inaonekana kwa mgeni, basi karibu hakika safu hiyo si ya kusabskraibu. Ni ya chaneli zilizopendekezwa na mwenyewe. Kwenye YouTube Studio, sehemu ya `Customization`, mwenye chaneli anaweza kuongeza kwenye ukurasa wa mwanzo sehemu za aina mbalimbali. Moja huvuta orodha ya chaneli ulizosabskraibu, na hiyo hutii swichi ya faragha. Nyingine ni orodha uliyoichagua kwa mkono, chaneli moja moja, na ukaipa kichwa. Hii ya pili haina uhusiano wowote na swichi. Iko wazi kwa sababu wewe uliiweka iwe wazi, hata kama hukusabskraibu chaneli yoyote iliyomo.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Jiondoe kwenye chaneli moja inayoonekana kwenye safu, subiri kidogo, kisha rudi kwenye dirisha fiche. Ikibaki palepale, ile ni orodha ya mkono. Au nenda moja kwa moja Studio, fungua sehemu ya ukurasa wa mwanzo, na usome aina ya kila kipengele. Cha mkono unakiondoa hapohapo, kisha unachapisha mabadiliko kwa `Publish`. Usipobonyeza kitufe hicho, umefanya kazi bure.

Dalili: sioni safu yoyote, lakini watu wanajua nimesabskraibu wapi

Hii ndiyo inayowatia watu wasiwasi zaidi, na ndiyo inayohitaji uvumilivu. Kutokuwepo kwa safu kwenye ukurasa wa mwanzo hakumaanishi orodha imefungwa. Safu ni pambo la ukurasa; faragha ni swichi. Unaweza kuwa hujaweka safu yoyote huku swichi ikiwa imezimwa, na hapo orodha iko wazi kwa yeyote anayejua pa kuiulizia.

Pa kwanza ni kwa mwenye chaneli uliyoisabskraibu. Kwenye dashibodi ya YouTube Studio kuna kadi ya waliosabskraibu karibuni, imeandikwa `Recent subscribers`, na chini yake kuna `See all`. Orodha hiyo inaonyesha tu watu ambao swichi yao iko wazi. Ukiwa umefunga, unahesabiwa kwenye jumla ya waliosabskraibu, lakini jina lako halitokei. Ukiwa wazi, jina na picha ya chaneli yako viko mbele yake.

Pa pili ni mlango wa waandishi wa programu. YouTube ina njia rasmi ambayo programu hutumia kuuliza taarifa za umma, inayoitwa API, na programu nyingi zinazodai "kuonyesha mtu anafuatilia nani" hupitia hapo tu. Hiki ndicho kipimo cha uhakika kuliko vyote, kwa sababu hakitegemei mpangilio wa ukurasa. Unahitaji ufunguo wa API unaoupata kwenye dashibodi ya Google Cloud baada ya kuwasha YouTube Data API v3, na unahitaji namba ya utambulisho wa chaneli yako. Namba hiyo iko `youtube.com/account_advanced`. Huanza na `UC` na ina herufi 24 kwa jumla. Kisha fungua anwani hii kwenye dirisha fiche, ukiweka namba ya chaneli mahali pa `UC...` na ufunguo wako mahali pa `UFUNGUO`:

```
https://www.googleapis.com/youtube/v3/subscriptions?part=snippet&maxResults=50&channelId=UC...&key=UFUNGUO
```

Ikikurudishia orodha ya majina ya chaneli, dunia nzima inaweza kuipata vilevile. Ikikurudishia kosa la 403, usishangilie kabla ya kusoma sababu. Tafuta neno lililo mbele ya `reason`. Likiwa `subscriptionForbidden`, orodha imefungwa, na kazi imekwisha. Likiwa `quotaExceeded`, umemaliza kiwango chako cha maswali cha siku na hujapima chochote. Kama ujumbe unasema huduma haijawashwa kwenye mradi wako, ni kosa la maandalizi, na faragha yako haijaguswa. Na ukiona 404 yenye `subscriberNotFound`, kwa kawaida umekosea herufi kwenye namba ya chaneli. Herufi kubwa na ndogo zina tofauti, kwa hiyo nakili, usiandike kwa mkono.

Watu wengi hawana haja ya kufika huku. Lakini kama unashughulikia chaneli ya shirika, au mtu anasisitiza kwamba anaona orodha yako na wewe huoni anapoiona, dakika kumi za kutengeneza ufunguo zinamaliza ubishi wa wiki nzima.

Sasa, swichi imefungwa, API inajibu `subscriptionForbidden`, na bado mtu anajua. Zimebaki njia ambazo umejitangaza mwenyewe bila kujua. Kuna matangazo ya moja kwa moja ambayo gumzo lake limewekewa sharti la kuruhusu waliosabskraibu tu. Ukiandika hata salamu humo, kila anayesoma amejua umesabskraibu, kwa sababu asiyesabskraibu hawezi kuandika. Swichi ya faragha haikuzuii kuandika na haikufichi ukiandika. Vivyo hivyo uanachama wa kulipia: beji hukaa kando ya jina lako kwenye maoni na gumzo la chaneli ile, na kila mtu anaiona. Na maoni yenyewe ni ya umma siku zote. Mtu akigusa picha yako kwenye maoni, kadi inayofunguka inaweza kumwonyesha maoni yako ya karibuni kwenye chaneli ileile. Asiyejua kama umesabskraibu atakisia, na hatakosea sana.

Dalili: "naona video ulizolaiki"

Kabla ya kuhangaika, muulize huyo mtu anaona nini hasa: anwani gani iko juu ya ukurasa? Ukipata anwani, umepata jibu, kwa sababu kila orodha ya YouTube ina herufi za mwanzo zinazoisema.

Kiungo kinacholeta taharuki bila sababu ni hiki:

```
https://www.youtube.com/playlist?list=LL
```

Hii ni njia ya mkato ya "orodha ya mimi ninayefungua". Ukiwa kwenye akaunti yako inakuonyesha video ulizolaiki wewe. Ukimtumia rafiki, naye yuko kwenye akaunti yake, inamwonyesha alizolaiki yeye. Anaona orodha ndefu ya video zinazofanana na mambo anayoyapenda, anakuandikia "kumbe na wewe unapenda hizi!", na nyote wawili mnaamini orodha yako imevuja. Haijavuja. Mwambie aifungue kwenye dirisha fiche: hatapata orodha. `list=WL`, yaani video za kutazama baadaye, hufanya mchezo uleule. Jambo hili hutokea hasa mtu anapotuma video aliyokuwa akiitazama kutoka ndani ya orodha yake, maana kiungo hubeba `&list=LL` mwishoni. Ukitaka kutuma video tupu, futa kila kitu kuanzia alama ya `&`.

Anwani ikiwa na `list=FL` ikifuatiwa na herufi nyingi, hiyo ni orodha ya zamani ya vipendwa, kutoka enzi ambazo YouTube ilikuwa na kitufe cha kuweka video kwenye `Favorites`. Kitufe kiliondoka, lakini orodha zilibaki kwenye chaneli za zamani kama orodha za kawaida, na nyingine ziko wazi. Kwa mgeni, jina lake linafanana sana na "alizozipenda". Iwapo chaneli yako ni ya miaka mingi, angalia hapa kwanza.

Anwani ikiwa na `list=PL`, ni orodha uliyoitengeneza mwenyewe. Kila orodha ya namna hii ina hali yake: `Public`, `Unlisted` au `Private`. Ya kwanza huonekana kwenye chaneli. Ya pili haionekani kwenye chaneli, lakini yeyote mwenye kiungo anaingia. Ya tatu ni yako. Kuna watu walionakili video walizolaiki kwenye orodha mpya ili wazishiriki, wakaipa jina la "Nilizolaiki", wakasahau. Nyingine ni wazi kwa ajali, kwa sababu wakati wa kuhifadhi video kwenye orodha mpya mtu hubonyeza haraka bila kutazama hali iliyochaguliwa. Fungua Studio, sehemu ya `Content`, kichupo cha `Playlists`, na usome safu ya hali kuanzia juu hadi chini. Orodha zenye jina lisilo na maana ndizo za kushuku.

Kwenye ukurasa uleule wa faragha kuna swichi ya pili, `Keep all my saved playlists private`. Watu hudhani inafunga orodha zao zote. Hapana. Inafunga orodha za watu wengine ulizozihifadhi kwako. Ulizotengeneza mwenyewe hufungwa moja moja kama tulivyoeleza. Ukiwasha swichi hiyo na kuondoka, orodha yako ya `Public` itaendelea kuonekana kama kawaida.

Na mwenye video? Anaona idadi ya laiki. Majina haoni, hata kwenye Studio. Kura unayopiga kwenye machapisho ya chaneli nayo hujumlishwa kwenye asilimia bila jina. Kinachomfikia kwa jina ni maoni yako.

Dalili ya kinyume: nimesabskraibu, mwenye chaneli hanioni

Hii huwatesa zaidi wanaoshindania zawadi zenye sharti la kusabskraibu. Mwandaaji anafungua orodha yake, jina halimo, unaambiwa hukutimiza sharti. Sababu ya kwanza ni ileile: swichi yako imefungwa. Sababu ya pili ni chaneli: ulisabskraibu kutoka chaneli moja, ukajitambulisha kwa jina la nyingine. Kisha kuna waliofungiwa akaunti na wale ambao mfumo wa YouTube umewahesabu kuwa taka. Hao hawaonyeshwi kwenye orodha hata swichi ikiwa wazi. Na orodha yenyewe si ya papo kwa papo, kwa hiyo mpe saa kadhaa kabla ya kumlaumu mtu.

Ukiamua kufungua swichi kwa ajili ya shindano, kumbuka unafungua chaneli zote, si ile moja. Afadhali picha ya skrini inayoonyesha umesabskraibu, ukimtumia mwandaaji peke yake.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua mwalimu wa fizikia mwenye chaneli ya masomo yenye wanafunzi wengi. Mwanafunzi mmoja anataja darasani chaneli ya utani ambayo mwalimu huitazama usiku. Mwalimu anaingia kwenye simu, anakuta `Keep all my subscriptions private` imewashwa. Anabaki na mashaka kwamba swichi haifanyi kazi.

Anafungua dirisha fiche kwenye kompyuta na kwenda kwenye chaneli ya masomo. Hakuna safu ya chaneli. Kichupo cha orodha kina orodha tano, zote za masomo. Mpaka hapo hakuna kilichovuja.

Anafungua `youtube.com/channel_switcher`. Anakuta chaneli mbili: ya masomo, na nyingine yenye jina lake kamili na picha aliyoiweka miaka iliyopita. Simu yake iko kwenye chaneli ya masomo. Swichi aliyoiona ni ya hiyo. Lakini televisheni ya nyumbani iliunganishwa na ile ya jina lake, na anachosabskraibu akiwa kwenye kochi kinaingia huko. Anabadili kwenda chaneli ya pili, anafungua ukurasa wa faragha: swichi imezimwa. Anajaribu API kwa namba ya chaneli hiyo, na orodha yote inamiminika, chaneli ya utani ikiwemo.

Anawasha swichi, anapakia ukurasa upya kuhakikisha imebaki imewashwa, anarudia anwani ya API. Sasa anapata 403 yenye `subscriptionForbidden`. Kisha anafanya jambo ambalo wengi hulisahau: anarudi dirisha fiche na kukagua orodha za kucheza za chaneli ya pili. Anakuta moja ya `Public` yenye jina "Mpya", ina video 31, zote za utani. Anaibadili kuwa `Private`.

Kilichobaki hakirudishwi. Mwanafunzi aliyekwisha kuona ameona, na mwenye chaneli ya utani aliyewahi kusoma jina la mwalimu kwenye orodha yake hawezi kulisahau kwa sababu swichi imegeuka. Swichi inafunga kuanzia sasa.

Wanaoona hata kama umefunga kila kitu

Swichi inawazuia wageni. Haimzuii aliyeshika kifaa ambacho akaunti yako iko wazi: televisheni ya sebuleni, kompyuta ya ofisini, simu uliyoazima ukasahau kutoka. Huyo anaona chaneli, laiki na historia kama wewe. Orodha ya vifaa vyote iko `myaccount.google.com/device-activity`. Kifaa usichokitambua kitoe hapo hapo, kisha badili nywila.

Chaneli inayosimamiwa na watu kadhaa nayo ina jambo lake. Wasimamizi wa akaunti ya pamoja wanaotumia YouTube kwa jina la chaneli hiyo wote wako ndani ya orodha moja. Mmoja akilaiki, laiki imeingia kwenye orodha ya wote. Kama kwenye chaneli ya ofisi kuna video za ajabu kwenye laiki, kabla ya kusema mmedukuliwa ulizeni nani alitazama nini wakati wa chakula cha mchana.

Na mwisho, programu za nje ulizoziruhusu. Ukiunganisha programu na akaunti yako na kukubali isome taarifa zako za YouTube, inasoma chaneli ulizosabskraibu na video ulizolaiki kwa ruhusa yako, faragha iwe imewashwa au la. Nenda `myaccount.google.com/connections`, fungua kila programu inayotajwa, na usome ilichoruhusiwa. Usiyoitumia, iondoe. Ila kuondoa ruhusa hukata usomaji mpya tu. Ilichokwisha kunakili kimeshakwenda kwenye hifadhi yake, na kukifuta huko utalazimika kuwaomba wenyewe.